Tupeane uzoefu: korodani moja kumuuma kijana ghafla

Mama Kijana: Mwanangu ana miaka 14. Usiku aliamka analia tumbo, akatapika. Baba yake alipokaa naye peke yao ndipo akasema ni korodani ya kushoto, aibu ilimzuia. Hospitali walimwingiza upasuaji upesi: ilikuwa imejisokota. Imepona. Ila wameishona na ya kulia, ambayo haikuwa na shida. Kwa nini? Na nyie mliopitia, mlijuaje?

Mzee wa Mpira: Mara nyingi hiyo ni kupigwa mpira. Barafu, dawa ya maumivu, asubuhi anaamka mzima.

Baki Moja: Mzee, hapana. Mimi nilikuwa na miaka 16. Zahanati walisema maambukizi, nikapewa antibayotiki. Kesho yake maumivu yakapungua, nyumbani wakashukuru. Kumbe ilikuwa inakufa. Siku ya tatu ikatolewa, nyeusi kabisa. Nina watoto wawili sasa, lakini sitaki kijana mwingine ayapitie.

Nesi wa Thieta: Pole sana ndugu yangu. Mzee, pigo linaweza kuianzisha kweli, ila wengi huamka nayo usingizini. Maumivu ya pigo yasipotulia ndani ya saa moja, usingoje asubuhi.

Kinachojisokota ni ule mshipa unaoibeba korodani. Damu hushindwa kutoka, halafu hushindwa hata kuingia. Ikifunguliwa ndani ya saa 6, nyingi hupona. Zikifika 12 nafasi imeshapungua sana, na baada ya 24 ni chache zinazookoka. Saa zinahesabiwa tangu maumivu yaanze, siyo tangu mfike mapokezi, kwa hiyo mtajieni daktari ule muda. Mkiwa njiani msimpe chakula wala maji, huenda akahitaji usingizi wa upasuaji.

Mwangalieni: mara nyingi iliyojisokota imepanda juu kuliko mwenzake, au imelala upande. Ultrasaundi inasaidia kama ipo hapo hapo. Kuifuata mji mwingine ni kupoteza saa.

Mama, ya kulia imeshonwa kwa sababu ulegevu ulioiponza ya kushoto kwa kawaida uko pande zote mbili.

Msomaji wa Usiku: Mimi nina miaka 38, yangu inavimba taratibu, haiumi. Ni hiyo hiyo?

Nesi wa Thieta: Siyo hiyo, lakini usikae nayo. Uvimbe usiouma unatakiwa kupimwa kama ni saratani. Nenda wiki hii.

Shangazi: Mpwa wangu humjia, inauma nusu saa inaacha. Akifika hospitali yuko mzima, wanamrudisha.

Nesi wa Thieta: Huenda inajisokota na kujifungua yenyewe. Aonwe na daktari wa upasuaji hata siku ambayo haiumi, wajadili kuishona mapema.

Mama Kijana: Na aliyechelewa siku nzima, aende tu?

Nesi wa Thieta: Aende sasa hivi. Wengine husokotwa nusu tu, damu ikawa inapita kidogo. Nimewahi kuona daktari akiifungua, akaifunika kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, tukasimama pale tunaitazama rangi. Nyingine hurudi, nyingine hazirudi.