Imoji, nyota na HERUFI KUBWA kwenye vichwa vya kurasa: tupeane uzoefu

Kihesa_Juu: Kamwene wakuu. Nimetoka kutafuta gesti Mafinga kwenye Google, nusu ya matokeo ni HERUFI KUBWA tupu, na moja limekatika kabla halijataja hata mji. Mnaotengenezea watu tovuti huku kwetu, imoji na alama zimewasaidia au zimewaponza?

Fundi_Mwanjelwa: Umenikumbusha mbali. Kuna lodge hapa Mbeya, tovuti yake niliikuta imeshajengwa na fundi mwingine kwa PHP ya mkono. Mwenye lodge akaingia mwenyewe kuhariri, akaweka moto mwanzoni mwa kila kichwa:

```
🔥 Vyumba safi Mbeya mjini, karibu na stendi kuu
```

Akahifadhi, hakuona kosa lolote. Baadaye simu za wateja zikakauka, akanipigia usiku akiamini wapinzani wamemhujumu. Nikatafuta lodge kwenye Google: kila ukurasa unaitwa "Karibu". Nikafungua chanzo cha ukurasa, nikakuta `<title></title>`, ndani hamna kitu.

Databesi ilikuwa kwenye `utf8` ya zamani ya MySQL. Ile inabeba herufi za baiti 3 mwisho, na imoji ya moto ni baiti 4. Kwa vile ukali wa MySQL ulikuwa umezimwa, haikulalamika, ilikata tu kuanzia kwenye imoji hadi mwisho. Imoji ikiwa mwanzoni, halibaki hata neno. Google ikikosa kichwa huokota maandishi mengine, mara nyingi yale makubwa ya ukurasani, na pale kila ukurasa ulifunguka na "Karibu". Dawa:

```sql
ALTER TABLE kurasa CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4;
```

Na muunganisho wa PHP nao uwekwe `utf8mb4`, la sivyo yanajirudia. Vichwa vilivyokatwa havirudi, tuliviandika upya kimoja kimoja.

Tukuyu_Chai: Hiyo ya kukata kimyakimya imenikuta pia. Inatesa.

Isimila255: Ndiyo maana nasema Google inaadhibu imoji. Ukiweka tu unashushwa.

Fundi_Mwanjelwa: Hapana kaka. Kule kilichoharibika ni databesi, Google haikuadhibu mtu. Imoji haikupandishi wala haikushushi. Google inaweza kuionyesha au kuiondoa, ndiyo maana leo unaiona na kesho haipo.

Isimila255: Mbona mteja wangu alipoziondoa alipanda?

Fundi_Mwanjelwa: Uliondoa imoji peke yake, au uliandika na kichwa upya?

Isimila255: Niliandika upya. Lakini bado nasimamia nilichosema.

Mama_Parachichi_Njombe: Samahani wanangu, mimi naweka majani na parachichi kwenye status ya WhatsApp na wateja wanakuja. Niache?

Kihesa_Juu: Endelea mama, status ni mambo mengine. Sisi tunaongelea majibu ya Google.

Kahawa_Mbozi: Mimi niliweka ★★★★★ kwenye kichwa cha duka la kahawa ili tufanane na wale wenye nyota za njano.

Msomi_Gangilonga: Dada, ziondoe. Nyota za njano zinatokana na data iliyopangwa ya maoni halisi ya wanunuzi kwenye ukurasa wa bidhaa. Za kuchapa mwenyewe zinamwambia mtu kwamba wateja wamekupima, kumbe hakuna aliyekupima. Na kwa lodge au ofisi inayojisifia kwenye tovuti yake yenyewe, Google iliacha kuonyesha nyota hizo tangu 2019.

Kuhusu herufi kubwa, Google inakata kichwa kwa upana, haihesabu herufi. M na W kubwa zinakula nafasi. Linganisha:

```
VYUMBA SAFI NA NAFUU KWA FAMILIA NA WASAFIRI MBEYA MJINI
Vyumba safi Mbeya mjini kwa familia na wasafiri
```

Cha kwanza kinaweza kukatika hapo kwenye WASAFIRI, na Mbeya ndilo neno alilotafuta mtu. Cha pili kimeutanguliza mji. Kwenye kutafuta, "MBEYA" na "mbeya" ni kitu kimoja, kwa hiyo kupaza sauti hakukuongezei chochote. Vifupisho kama TANAPA viache vilivyo.

Tukuyu_Chai: Na alama ya ✓ kwenye maelezo? Mimi naona inavuta macho.

Msomi_Gangilonga: Weka kwenye kurasa chache, nyingine ziache, kisha linganisha kiwango cha mibofyo kwenye Search Console. Angalia na nafasi: ukurasa ukipanda, mibofyo inaongezeka hata bila alama.

Fundi_Mwanjelwa: Hata hivyo Google mara nyingi inaacha maelezo yako na kuchukua sentensi ya ukurasani. Unaweza kupima ✓ ambayo haikuonekana kabisa.

Tukuyu_Chai: Basi nitatafuta kwanza kwa maneno ya wateja wangu nione kama inatokea.

Kahawa_Mbozi: Nyota nimetoa. Hiyo data iliyopangwa inaandikwaje kwa kahawa ya kupima kilo?