Msaidizi wa kwanza kwa laki tatu: ni unyonyaji, au ndicho duka linachobeba?

Kijana wa Pasua: Steshenari moja hapa Moshi mjini imebandika tangazo la msaidizi, mshahara 300,000 kwa mwezi, na wanataka mwenye cheti cha kompyuta. Duka lina foleni kuanzia asubuhi. Kwa nini wasitoe 450,000? Huu si unyonyaji?

Mama Rau: Mwanangu, tangazo si langu, ila na mimi nina steshenari na mwaka huu nimeajiri mtu wa kwanza kwa laki tatu hiyohiyo. Hesabu yangu ni hii.

Laki tatu ndiyo iliyoandikwa kwenye mkataba. Juu yake napeleka NSSF asilimia 10 ya upande wangu, elfu 30, na nusu asilimia ya WCF, mfuko wa fidia akiumia kazini, 1,500. Imeshafika 331,500. Yeye naye anakatwa elfu 30 yake ya NSSF, anaondoka na 270,000. PAYE, kodi ya mshahara, haimgusi, kwa sababu inaanza kukata juu ya 270,000.

Chakula cha mchana ni 3,000 kwa siku 26, yaani 78,000. Hakuna sheria inayonilazimisha, lakini mtu anayefungua duka asubuhi na kulifunga jioni siwezi kumwacha ashinde na njaa. Likizo yake ni siku 28 kwa mwaka, na mimi naendelea kumlipa. Nikiweka mtu wa kumshikia kwa elfu 10 kwa siku, siku za kazi kama 24, ni 240,000, elfu 20 ukiigawa kwa miezi. Nilinunua na kompyuta ya pili, mtumba, laki sita. Nikiigawa kwa miaka miwili ni elfu 25 kwa mwezi. Jumla 454,500.

Na hizo hazitoki kwenye mauzo, zinatoka kwenye faida. Madaftari yana faida ndogo, fotokopi ina afadhali. Dukani kwangu, ukichanganya vyote, kila shilingi 100 inayoingia inabaki kama 30 baada ya kulipia mali, karatasi na wino. Ndiyo kusema msaidizi lazima alete mauzo mapya ya milioni moja na nusu kwa mwezi, elfu 58 kila siku, ili mimi nibaki palepale nilipokuwa kabla yake. Ningempa hiyo 450,000 yako, angetakiwa kuleta karibu elfu 80 kwa siku. Na foleni ya asubuhi unayoiona, wengi wao wanatoa kopi ya kitambulisho.

Babu Majengo: Laki tatu kwa Moshi kijana anapanga chumba na anakula. Sisi tulianza na kidogo kuliko hicho.

Kijana wa Pasua: Babu, shikamoo. Sijauliza kama inatosha kula. Nauliza kama duka linaweza kutoa zaidi.

Kaka Hadiwea: Mama Rau umesahau SDL, ile tozo ya ufundi stadi, asilimia 3.5. Kwa mwajiri jumla ni asilimia 14 juu ya mshahara. Ndiyo maana mimi siajiri.

Mhasibu wa Sakina: Kaka, asilimia 3.5 ni sahihi, lakini SDL inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Zamani ilianzia wanne, ikabadilishwa mwaka 2021. Mtu wa kwanza halipiwi, kwa hiyo wewe umejinyima msaidizi kwa gharama ambayo haipo.

Mama Rau yeye kasahau mawili mengine. La kwanza, kiinua mgongo: mfanyakazi akimaliza mwaka halafu ukamwachisha bila kosa lake, unamlipa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Kwa laki tatu ni kama elfu 80 kila mwaka, na wengi hawaiweki pembeni. La pili, ugonjwa. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili. Ofisi ya watu 20 mmoja akilazwa kazi inaendelea. Ukiwa na mmoja tu, unamlipa yeye na unalipa aliyekaa kiti chake.

Halafu nauliza kuhusu tangazo lenyewe: wameandika laki tatu ya mkataba au laki tatu mkononi? Ukimwahidi mtu laki tatu mkononi, mkataba unapanda hadi kama 336,000, kwa sababu NSSF yake na PAYE kidogo vinatoka humo, na kwako wewe, na michango yako, inakuwa kama 371,500. Elfu 40 za kila mwezi zinazaliwa na neno moja ambalo hamkuelewana juu yake siku ya usaili. Nimeona waajiri wakizikwepa kwa kuacha kupeleka NSSF kabisa.

Dada Ngarenaro: Hapo ndipo nilipoumia. Nilifanya kazi dukani hapa Arusha, kila mwezi nakatwa NSSF, na kwenye karatasi ya mshahara imeandikwa. Nilipokuwa mjamzito nikaenda kuulizia mafao ya uzazi, nikakuta imepelekwa michango ya miezi mitatu tu. Hesabu ya Mama Rau ni ya mtu anayelipa. Wangapi wanatoa laki tatu kwa kisingizio cha michango, na michango yenyewe hawaipeleki? Kijana, ukienda usaili omba namba yako ya uanachama, na baada ya miezi miwili kaangalie mwenyewe kama hela imeingia.

Fundi Mbauda: Mimi nina gereji. Kijana wangu namlipa kwa siku, elfu 12. Kibarua hana NSSF wala likizo. Fanyeni hivyo, yaishe.

Mhasibu wa Sakina: Fundi, kumwita kibarua hakumfanyi kibarua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia kuwa mwajiriwa mtu aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wako anazimaliza wiki moja. Siku mkigombana akifika CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakuwa mwajiriwa wako.

Kijana wa Pasua: Hesabu nimeielewa, lakini kuna kitu sikubali. Kompyuta ni mali ya duka. Mimi nikiondoka inabaki. Kwa nini ihesabiwe kama gharama yangu na ipunguze mshahara wangu?

Mhasibu wa Sakina: Kwa upande wa mali uko sahihi. Kwa upande wa fedha, laki sita imetoka mfukoni kabla hujauza hata kalamu. Mtu wa pili hatahitaji yote hayo, ndiyo maana wa kwanza ndiye ghali kuliko wote.

Mama Rau: Niseme ukweli wa dukani. Mauzo ya kaunta yamepanda kama elfu 40 kwa siku, hayajafika 58. Pengo linatoka kwenye posho yangu mwenyewe. Faida niliyoipata ni nyingine: sasa naweza kuondoka dukani kwenda mashuleni kutafuta oda, kitu ambacho nilikuwa siwezi. Nimepata shule moja. Oda ya shule hulipwa kwa kuchelewa, mshahara haungoji.

Dada Ngarenaro: Basi andika kwenye mkataba: oda za shule zikifika kiasi fulani, mshahara unapanda. Yeye ndiye anayelinda duka wewe ukiwa huko.

Mama Rau: Nikiandika kiasi na shule ikachelewa kulipa miezi minne, nitampa nini? Nipo tayari kuandika kwamba tutakaa chini shule zikishafunguliwa Januari. Kiasi siwezi.

Kijana wa Pasua: Kukaa chini bila kiasi, mimi nisingesaini.

Mhasibu wa Sakina: Mnaweza kufunga nyongeza kwenye hela iliyokwishaingia, si kwenye oda. Shule ikilipa, asilimia fulani yake.

Mama Rau: Asilimia ngapi sasa, wakati faida ya oda ya shule ni ndogo kuliko ya kaunta?