Naomba ushauri: pilau la watu 120 bila mkaa

Wakuu, shikamooni. Ndugu zetu wa chama cha Waswahili Uingereza wametutumia mwaliko wa usiku wao wa utamaduni, na wametuomba sisi wapishi wa Ngamiani, Tanga, tuwapangie chakula. Tiketi ni 90 za wakubwa na 30 za watoto kwa nusu bei. Kwa gramu 125 za mchele kwa mkubwa na nusu yake kwa mtoto, tunapata kilo 13 na kidogo.

Ukumbi una majiko ya umeme na oveni, hivyo hakuna kupalia makaa juu. Kwenye sufuria moja kubwa mchele wa chini utavunjika, wa juu ubaki na kiini. Tunafikiria kuugawa kwenye trei za oveni, kilo 2 kila moja, zifunikwe foili.

Watoto watakula saa 12 jioni, wakubwa saa 2 baada ya taarabu. Hapo ndipo penye hofu: pilau likikaa vuguvugu, vijidudu vilivyostahimili kuchemka huzaliana na kuacha sumu isiyoondoka kwa kupasha. Afadhali trei za wakubwa ziingie oveni baadaye.

Waliowahi kupika hivi, supu mnapunguza kiasi gani kwa kilo?