Komunike ya nauli: tunalipa bei gani, tangu lini, na kwa sababu gani?

Ndugu wa Lubumbashi, nimekasirika. Pale komine ya Kenya mama mmoja ameshushwa kwenye taksibasi na mizigo yake ya soko kwa kutoa nauli ya zamani. Reseveri anamwonyesha komunike kwenye simu, na mama anaitegemea komunike ileile. Someni wenyewe:

"Kufuatia hali ya uchumi, nauli zimerekebishwa kwa franka 700. Uamuzi huu unatumika tangu siku ya kutiwa sahihi."

Sahihi ni ya tarehe 14 Novemba 2025, lakini karatasi imebandikwa komine tarehe 24. Hizo siku kumi katikati, nani alikuwa na haki? Na hiyo "kwa 700" inaongezwa juu ya 500 tuliyozoea, tulipe 1200, au ndiyo nauli yote? Nimeiandika upya:

"Nauli ya taksibasi kati ya Kenya na mjini inapanda kutoka franka 500 hadi franka 700. Nauli mpya inaanza Jumatatu tarehe 1 Desemba 2025. Hadi Jumapili tarehe 30 Novemba, abiria analipa franka 500. Sababu: lita ya mazuti imepanda kutoka franka … hadi franka …, tangu tarehe …"

Nafasi za sababu nimeziacha wazi kwa makusudi. Wajaze wao walioitia sahihi. Hali ya uchumi haina namba ya kukagua, mazuti inayo.

Papa Katuba: Mdogo wangu, unawaonea. Arete zetu zote zinaanza siku ya sahihi. Ni halali.

Yaya Ruashi: Papa, kweli maneno hayo yamo kwenye arete nyingi. Lakini aliyeiandika angeweza kutaja siku ya mbele, hakuna kinachomzuia. Arete ibaki na lugha yake kwenye faili. Karatasi ya kubandika ukutani iseme tarehe na siku ya juma. Anayeandika, una kosa moja: umetaja Kenya na mjini tu. Sisi wa Ruashi reseveri atatutoza anavyotaka. Weka kila laini na bei yake ya zamani na mpya.

Mwanafunzi wa Kasapa: Na motari? Jana amenitoza zaidi akasema ni komunike.

Yaya Ruashi: Komunike haikutaja pikipiki popote. Hiyo nayo iandikwe: "Haihusu pikipiki."

Mwenye uzi: Asante yaya, laini zote naziweka. Papa, uhalali sikuukataa. Nauliza mama yule angejuaje tarehe 15 kitu kilichobandikwa tarehe 24?

Dereva: Mie nanunua mazuti kila asubuhi, hainingojei Desemba. Hizo siku za kungoja hasara ni yangu.

Yaya Ruashi: Dereva, hapo una haki, na sina jibu. Tungoje siku ngapi, wewe unaona?

Dereva: Tatu. Saba ni nyingi.

Mama wa soko: Tatu haitoshi, mie naenda mjini mara moja kwa juma.