Saluni inaingiza 3.2M kwa mwezi, nijilipe mshahara kiasi gani?

MamaSaluni: Habari zenu wakuu, nina saluni ya kike Tabata, wasusi watatu na mimi mwenyewe nasuka. Kwa mwezi inaingia kama 3,200,000, nikishawalipa wasusi 40% yao, rasta na dawa, LUKU, usafi na kutenga ya TRA inabaki 1,460,000. Najilipa milioni moja lakini sina amani, naona kama naikamua biashara. Nijilipe ngapi?

Kijana wa Goba: Nusu kwa nusu dada, 730,000 yako 730,000 ya biashara, hamna haja ya hesabu ndefu.

Bi Nuru: Mie nilikuwa na duka la vitenge, nilikuwa nachota tu kwenye droo nikisema zangu hizi, mtaji ulivyokata hata sikujua ulikwenda wapi. Wanawake tupunguze matumizi jamani.

Mzee wa Daftari: Kodi ya fremu mbona siioni?

MamaSaluni: Ile nalipa kwa miezi sita, 1,800,000, ndiyo maana sikuiweka kwenye mwezi.

Mzee wa Daftari: Basi kila mwezi 300,000 si yako, imebaki 1,160,000. Mara ya mwisho uliilipaje?

MamaSaluni: Nilikopa. Kausha damu, narejesha 10,000 kila siku. Msinishambulie, mwenye nyumba alikuwa anataka kufunga na hela nilishaweka kwenye kiwanja, nalipia 400,000 kwa mwezi na nimeshafika mwezi wa nne, siwezi kuacha.

Chaurembo: Uzi wa kutunga huu. Mtu anajua 40% ya wasusi halafu asahau kodi ya fremu??

MamaSaluni: Natunga ili nipate nini? Msusi ukimcheleweshea jioni kesho hayupo, kodi inakuja mara mbili kwa mwaka, wewe ungekumbuka ipi?

Mzee wa Daftari: Mimi namwamini, hili kosa nimeliona saluni nyingi. Dada, toa marejesho 300,000, inabaki 860,000 na wewe unachukua milioni, kwahiyo kila mwezi unakula 140,000 ya kodi ijayo, ndiyo maana utakopa tena. Kwa mikono yako unaingiza ngapi?

MamaSaluni: Kama 800,000 hivi.

Mzee wa Daftari: Jilipe 40% kama msusi mwingine, 320,000. Ongeza ambayo ungempa msimamizi, tuseme 250,000. Jumla 570,000, tarehe moja, inatoka namba ya biashara kwenda ya kwako. Zinazobaki 290,000 zikae, maana mwezi wa Ramadhani vichwa vinapungua. Na TRA wanakukadiria kwa mauzo, ukijilipa nyingi kodi haipungui.

MamaSaluni: 570,000 nikitoa kiwanja inabaki 170,000, na watoto wawili? Nilifikiria 900,000 mpaka kiwanja kiishe.

Mzee wa Daftari: 900,000 haipo dada. Ongea na muuzaji akuongezee miezi.

Kijana wa Goba: Kiwanja chenyewe kiko wapi, kimepimwa?

MamaSaluni: Chanika. Wanasema upimaji unaendelea.

Bi Nuru: Mungu wangu, hapo sasa tuanze upya.