Mdhamini abanwe kabla ya mkopaji? Mjadala kutoka Busia

Baba Shamim, Busia (Uganda): Jamani naomba msaada na maoni yenu. Mwaka jana nilimdhamini rafiki yangu kwenye sako yetu, mkopo wa milioni 6 anunue pikipiki ya boda. Sasa ameacha kulipa, yeye yupo, boda yake iko barabarani kila siku, lakini barua ya madai imeletwa kwangu, eti milioni 8! Akiba yangu yote pale ni milioni 3 na laki 1 na wanasema wataikata. Ni haki waanzie kwangu wakati mwenye deni yupo? Na wanaweza kunilipisha kiasi gani hasa?

Afande Mstaafu, Bombo: Pole ndugu. Hawawezi kukugusa. Mdhamini ni mtu wa mwisho, lazima kwanza wamshtaki yeye, wauze boda, wakikosa kabisa ndiyo waje kwako. Hata sheria iko hivyo, mkopaji ndiye amekula pesa. Wewe kaa kimya wala usijibu hiyo barua.

Karani wa Korti, Tororo: Afande kwa heshima zote, hapo kwenye kukaa kimya utamuumiza Baba Shamim. Nimekaa kwenye masjala ya mahakama miaka mingi na faili za wadhamini waliokaa kimya nimezishika kwa mikono yangu, mtu hajibu, hukumu inatoka bila yeye kuwepo, anakuja kustuka dalali wa mahakama yuko mlangoni. Sheria ya Mikataba ya 2010 inasema mdhamini anadaiwa kadiri mkopaji anavyodaiwa, isipokuwa mkataba wenyewe umesema vingine, na wajibu wake unaanza pale mkopaji anaposhindwa kulipa. Mdai halazimiki kummaliza mkopaji kwanza. Kama fomu yako imeandikwa kwamba mali ya mkopaji iuzwe kwanza, hapo Afande ana haki, na ziko fomu za hivyo ila ni chache sana. Lakini Baba Shamim mimi kinachonisumbua siyo nani aanze, ni hiyo milioni 8. Ulisaini 6, amelipa miezi kadhaa, halafu deni limepanda? Hebu omba stetimenti ya mkopo utuwekee hapa.

Mama Latifa, Mbale: Mimi nimekuwa kwenye kamati ya mikopo ya sako ya wauza mazao kwa miaka tisa nataka niseme upande wa pili maana watu mnatuona wanyama. Pesa ya sako siyo ya benki, ni akiba ya mama anayeuza nyanya. Mkopaji akitoroka na mdhamini akaanza kusema "yeye kwanza", anayelala njaa ni yule mama. Tunaweka wadhamini kwa sababu wao wanamjua huyo mtu kuliko sisi, wanajua anakolala, na ile fomu ina mstari wa kuruhusu akiba ikatwe, hiyo tunaisoma kwa sauti kabla hujasaini. Kwa hiyo kuanza na akiba ya mdhamini siyo dhuluma, ni makubaliano.

Dogo wa Boda, Malaba: Mimi nilimwandikia mshikaji barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa LC akaenda kukopa, sasa nimeogopa, na mimi nitalipa??

Karani wa Korti: Hapana dogo. Kumtambulisha mtu au kusaini kama shahidi siyo kumdhamini. Udhamini lazima uwe kwa maandishi na maandishi yenyewe yaseme utalipa yeye akishindwa. Mwenyekiti wa LC naye akigonga muhuri kwamba huyu ni mkazi wangu hajadhamini kitu. Ila nenda ukaone hiyo karatasi, kuna watu wanaambiwa "saini hapa kama shahidi" na juu ya mstari imeandikwa mdhamini.

Baba Shamim: Nimerudi na stetimenti. Mkopo wa kwanza milioni 6, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi ya flati, kwa hiyo rejesho lilikuwa 620,000 kila mwezi. Alilipa miezi minne vizuri. Halafu, na hili mimi sikuambiwa na mtu yeyote, mwezi wa tano wakampa topapu ya milioni 3, afungue kibanda cha soda. Wakajumlisha na milioni 4 zilizokuwa zimebaki ikawa mkopo wa milioni 7, miezi 14, rejesho 640,000. Akalipa mara mbili akaacha. Sasa wanahesabu mtaji uliobaki milioni 6, riba ya miezi 12 iliyobaki 1,680,000, na penalti 320,000. Ndiyo hiyo milioni 8.

Karani wa Korti: Sasa tunaongea. Baba Shamim, angalia mstari wa siku ya topapu. Mkopo wa kwanza umeandikwa umefungwa? Na mkopo wa pili una namba mpya?

Baba Shamim: Ndiyo. Wa kwanza msalio sifuri siku ileile, na chini unaanza mwingine, namba tofauti.

Karani wa Korti: Basi soma hivi. Sheria ileile inasema mdai na mkopaji wakibadilisha masharti bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anafunguliwa kwa yale yanayofanyika baada ya mabadiliko. Topapu ni mabadiliko makubwa, kiasi kimebadilika, muda umebadilika, rejesho limebadilika. Kwa hiyo ile milioni 3 ya kibanda na riba yake siyo yako kabisa. Mimi naenda mbali zaidi, nasema mkopo uliodhamini ulilipwa siku ile, tena wao wenyewe ndio walioandika sifuri, kwa hiyo hudaiwi hata shilingi.

Mama Latifa: Hapo Karani unamdanganya mwenzio. Ile sifuri ni hesabu ya kompyuta tu, pesa haikurudi kwenye sako. Milioni 4 za mwanzo bado ziko kwa yule mtu na Baba Shamim alizidhamini. Mimi ningekuwa kamati ningekubali kutoa topapu kwenye madai yake, lakini hizo 4 ningezidai. Na kwa kuwa mkopaji amelipa mtaji wa milioni 1 baadaye, tunaweza kusema zimebaki 3. Tena angalia fomu, karibu zote zina kifungu kwamba mdhamini anakubali mapema mabadiliko yoyote na kuongezewa muda.

Karani wa Korti: Kifungu hicho kikiwepo kazi inakuwa ngumu, sikatai. Lakini mimi naona kukubali mabadiliko ya mkopo wa milioni 6 siyo kukubali mkopo mwingine wenye namba nyingine. Mawakili wanabishana hapo na hakimu ataisoma ile fomu neno kwa neno. Baba Shamim, kwenye fomu kuna kiasi kimeandikwa? Ikisema unadhamini "milioni 6" hiyo ndiyo paa lako. Ikisema "fedha zote atakazodaiwa wakati wowote" basi ulisaini mdomo wa mamba, udhamini wa namna hiyo unaendelea na mikopo inayofuata mpaka uandike barua ya kujitoa, na hata ukijitoa unabaki na ya nyuma.

Mwalimu, Arua: Mimi ningefurahi kuwa na tatizo la akiba tu. Nilimpa shemeji hati ya kiwanja akawekee benki, kiwanja ndicho tunacholala. Aliposhindwa nikaletewa notisi ya siku 45 za kazi, na baada ya hapo wanaruhusiwa kutoa notisi nyingine ya siku 21 za kazi ndipo wauze. Kilichonisaidia ni kwamba mke wangu hakuwahi kusaini, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Wakarudi mezani tukapanga malipo. Mwenzangu mmoja ambaye mke alisaini alikwenda mahakamani kuzuia mnada akaambiwa aweke kwanza asilimia 30, hakuwa nayo, kiwanja kikaenda.

Afande Mstaafu: Nimekubali nilikosea pale juu. Lakini bado nauliza kama haki, siyo sheria. Boda ipo! Kwa nini wasiichukue?

Mama Latifa: Afande kuichukua boda ni gharama, inafichwa, inaharibiwa, ikifika mnadani inauzwa nusu bei. Akiba iko kwenye kitabu chetu.

Afande Mstaafu: Yaani kwa sababu mdhamini ni mwaminifu na akiba yake inaonekana ndiyo anaumia. Mama, hilo mimi silikubali hata kama karatasi inasema.

Baba Shamim: Wadhamini tulikuwa wawili. Mwenzangu amehamia Jinja simu hashiki. Na meneja ameniambia nisipolipa Ijumaa ananiletea polisi.

Karani wa Korti: Polisi hawakusanyi madeni, huo ni mkopo siyo wizi. Kifungo cha madai kipo, hadi miezi sita, lakini kinakuja baada ya kesi na hukumu na kuitwa ujieleze mbele ya mahakama, siyo Ijumaa. Kuhusu mwenzako, kama mlisaini "kwa pamoja na kila mmoja peke yake" wanaweza kuchukua yote kwako, ila wewe una haki ya kumdai nusu yake. Tuseme Mama Latifa ndiye ameshinda, deni la halali ni milioni 3, basi mwisho wa yote sehemu yako ni milioni 1 na nusu, na hata hiyo unamdai rafiki yako. Madai yasiyozidi milioni 10 yanakwenda kwa utaratibu wa madai madogo, huhitaji wakili. Penalti na riba zikiwa za kunyonga mahakama ina uwezo wa kuzikata.

Andika barua leo, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea. Sema hukuridhia topapu, unapinga kukatwa akiba mpaka hesabu ya mkopo wa kwanza peke yake ionyeshwe. Na uliza logibuku ya boda, ile kadi ya umiliki inayoshikwa kama dhamana, iko wapi. Ukilipa deni la mtu, dhamana yake inahamia kwako. Na wakiwa waliiachia bila ridhaa yako, thamani ya boda inatolewa kwenye deni lako.

Mama Latifa: Hilo la logibuku ni kweli. Sisi tulishapoteza kesi kwa hilo.

Baba Shamim: Nimetoka ofisini sasa hivi. Barua wamegonga muhuri. Fomu nimeiona, imeandikwa milioni 6 kwa mkono, na kifungu cha 9 kinasema nakubali "kuongezewa muda", hakisemi kuongezewa pesa. Logibuku nimeomba, karani wao amefungua faili mara mbili, haimo. Kuna kikaratasi tu cha saini ya rafiki yangu kwamba ameichukua, tarehe ileile ya topapu.

Mama Latifa: Piga picha hicho kikaratasi kabla faili halijafungwa tena.