Naomba ushauri: akiba ya kununua mashine mpya ya kumenyea kahawa

Habari zenu wakuu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa kahawa Kibosho, Moshi. Mashine yetu tuliinunua milioni 9 miaka 3 iliyopita, na kila mwaka tunatenga laki 9, yaani bei ya kununulia kugawa kwa miaka 10. Benki ipo milioni 2.7.

Shida ni kwamba leo mashine kama hiyo ni milioni 12. Bei ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 7 itafika karibu milioni 16.9. Nikitoa tulichonacho, na laki 2 za kuuza ile kuukuu kama chuma chakavu, tunahitaji milioni 14, sawa na milioni 2 kwa mwaka. Tukiendelea na laki 9 tutafika milioni 9 tu, zaidi kidogo ya nusu ya bei.

Tukipata kilo 40,000 za kahawa mbivu, hiyo ni shilingi 50 kwa kilo. Lakini kahawa huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Je, tukate kwa kilo, au tuweke kiasi kisichobadilika?

La pili ni bajeti. Katibu anaiandika akiba kama matumizi, na uchakavu wa mashine pia ni matumizi, hivyo naona tunahesabu mara mbili. Mimi napendekeza uchakavu ubaki kwenye matumizi, na akiba ionyeshwe chini ya ziada kama uhamisho kwenda mfuko maalumu, wenye akaunti yake. Wenzangu mnaionyeshaje ili wanachama wasiidhanie faida ya kugawana?